Jina Lililobaki Mpitimbi

Ungefika soko la Bombambili, pale Songea, ukamuulizia Hilda Komba, ungerudi nyumbani mikono mitupu na jua limekuchoma bure. Hakuna aliyemjua. Lakini uliza Mama Shakila, na hata muuza mkaa anayesinzia angekuonyesha kwa kidevu: yule pale, mwenye ushungi wa bluu, anayepepeta korosho kwenye ungo huku akibishana na wateja. Wenye kumheshimu zaidi walimwita Bi Zuhra. Na Hilda? Hilda alikuwa ndani ya bahasha, chini kabisa ya sanduku la nguo, pamoja na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa. Humo ndimo mwenyewe alimotaka abaki.

Alizaliwa Mpitimbi, binti wa Mzee Athanasi Komba, katekista aliyejua kuimba misa kuliko alivyojua kucheka. Alikuwa msichana wa kwaya, mwenye sauti ya pili, hadi alipopita kijana mmoja wa Namasakata kule Tunduru, Abdulhamid, aliyekuja kutafuta mahindi na kuondoka na zaidi ya mahindi. Mambo ya mapenzi hayana mwalimu. Hilda alimfuata Tunduru, akasilimu, akaitwa Zuhra, akaolewa. Mzee Athanasi aliposikia alisema neno moja, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusimamia kauli yake, hakulirudia wala kulifuta mpaka anaingia kaburini: "Hilda wangu amekufa. Hakuna Hilda Mwislamu."

Mtu akishatangazwa marehemu, afanye nini? Zuhra alifanya kama marehemu wanavyofanya, alinyamaza. Alilima mikorosho na mumewe, akamzaa Shakila, mtoto pekee aliyejaliwa, na wala hakumsimulia kwamba kuna jina lililomtangulia. Kule Namasakata jina la zamani la mtu aliyesilimu haliulizwi. Si siri, ila ni adabu. Abdulhamid alipofariki, Zuhra alihamia Songea mjini, akaendelea na korosho zake. Ilipofika zamu ya kuandikisha kitambulisho cha taifa, cheti pekee alichokuwa nacho ni kile kilichotokana na ubatizo wake. Akakitoa kwenye bahasha, akaandikishwa kwacho, akakirudisha. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Sasa Shakila alikuwa Muscat, ameolewa na Salum, kijana wa Tunduru aliyekuwa akifanya kazi huko. Mimba yake ya kwanza ilitoka vibaya, mtoto hakuishi. Hii ya pili madaktari walikuwa wameikalia macho, na walishapanga siku ya kumpasua. Mama yake Salum alishatangulia mbele ya haki. Shakila mwenyewe dada hana, shangazi hana huko. Usiku mmoja Shakila alipiga simu, akaongea na mama yake juu ya hili na lile, bei ya vitenge, mvua, kisha bila kutarajiwa akasema, "Mama, safari ile niliamka nikiwa peke yangu, ndipo wakaniambia. Safari hii nataka nikifumbua macho nikuone wewe." Mama hakulala usiku ule, na kesho yake alianza kuulizia paspoti.

Hapo ndipo kila mmoja alipofanya wema wake na kwa pamoja wakaharibu. Shakila aliona nauli ya ndege imeshuka, akanunua mwenyewe tiketi ya mama yake kwenye mtandao wa shirika, kabla paspoti haijatoka, akaandika jina analolijua: Zuhra Abdulhamid. Paspoti ikatoka kwa jina lililo kwenye kitambulisho na cheti: Hilda Athanasi Komba. Mama akaipiga picha, akamtumia mkwewe Salum ili ashughulikie viza, na viza ikatoka kwa jina hilohilo la paspoti. Salum aliliona. Macho anayo. Lakini mkwe ni mkwe. Kwao Tunduru kijana halitamki jina la mama mkwe, sembuse kulihoji. Alijisemea kwamba hayo ni ya wakubwa, bila shaka mke wangu anayajua, akafunga simu kwa heshima zote. Heshima nyingine bwana, afadhali kidogo ya utovu wa adabu.

Na mama mwenyewe? Mama aliiona tiketi kwenye simu, akaona imeandikwa Zuhra, akafurahi. Maisha yake yote alikuwa akipanda basi la Tunduru kwa tiketi iliyoandikwa "Mama Shakila", na mwaka mmoja iliandikwa "Mama Korosho", na dereva alimfikisha salama. Tiketi kwake ilikuwa ni kiti. Jina ni pambo.

Aliyemwamsha ni Kunegunda. Huyu alikuwa na ofisi ndogo ya kuuza tiketi za ndege, si mbali na stendi, chumba kimoja chenye kompyuta, feni isiyozunguka na picha ya Bikira Maria iliyoning'inia juu ya mashine ya kuchapa. Mwanamke wa Mbinga, mnene kiasi, mwenye kuongea haraka. Shakila alimwambia mama yake asiende Dar kwa basi, atachoka, akate tiketi ya ndege Songea hapohapo. Basi siku hiyo, wiki moja kabla ya safari, Mama Shakila aliacha ungo kwa jirani akaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka ndege ya Dar. Halafu kutoka Dar nakwenda Muscat, kwa mwanangu, tiketi hiyo ninayo tayari."

"Hongera mama. Hebu nione na hiyo ya Muscat, tusije tukakufikisha Dar ndege yako imeshapaa. Na paspoti."

Kunegunda akaweka simu upande huu na paspoti upande huu. Akasoma. Akarudia kusoma. Mwendo wake wa haraka ukaisha wote.

"Mama, hii tiketi ni ya nani?"

"Yangu."

"Na hii paspoti?"

"Yangu pia. Picha si unaiona?"

"Picha naiona. Jina ndilo silioni." Kunegunda akageuza vyote viwili ili mama aone. "Hapa Zuhra Abdulhamid. Hapa Hilda Athanasi Komba. Mama yangu, ukifika kaunta Dar na vitu hivi viwili, hawatakupandisha."

Mama Shakila alicheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta mahali pa kushika. "Nitawaeleza. Watu wazima wataelewa."

"Wale hawana nafasi ya kuelewa. Wanataka tiketi, paspoti na viza visome mtu mmoja. Wakikosea wakakupandisha ukakataliwa kule, wao ndio wanaokurudisha kwa gharama yao. Na ndege ikiondoka bila wewe, huenda na tiketi ikafa hapohapo."

Mama akakaa. Alichokiona akilini hakikuwa kaunta ya Dar. Alimwona Shakila akifumbua macho kwenye chumba cheupe na kuutazama mlango.

"Basi nibadilishe paspoti," alisema. "Niandike Zuhra. Kwani ni jina langu."

"Usithubutu!" Kunegunda alinyanyua mikono. "Viza imefungwa kwenye paspoti hii, kwa jina hili na namba hii. Ukiigusa paspoti, viza nayo imekwenda, na wiki haitoshi. Paspoti na viza vinaelewana mama, viache. Kilichopotea njia ni tiketi peke yake. Tuihangaikie hiyo."

Akamweleza polepole, na mara hii alikuwa mtu mwingine kabisa, mvumilivu. Herufi mbili tatu zikikosewa, mashirika mengi hurekebisha. Jina la kati likikosekana, mara nyingi si neno. Mwanamke aliyeolewa akabadili la ukoo, anaonyesha cheti cha ndoa. "Lakini wewe hakuna hata jina moja linalofanana. Kwa macho yao hayo si marekebisho, hapo ni mtu mmoja anampa mwingine tiketi, na tiketi ya ndege haigawiwi. Cheti cha ndoa unacho? Kinasemaje?"

"Kinasema Zuhra binti Abdallah."

"Abdallah tena ni nani?"

"Aliyesilimu huandikwa hivyo mwanangu, kama baba si Mwislamu."

Kunegunda akashika kichwa. "Mama wewe uko wangapi?"

Kwa kweli ilikuwa mzaha, na Mama Shakila alijua ni mzaha, lakini machozi yalimtoka. Kunegunda akaona haya. Akaamka, akafunga mlango nusu, akamletea maji.

"Mimi siwezi kuigusa hii tiketi, sikuikata mimi," alisema aliporudi kukaa. "Ilikatwa kwa shirika lenyewe, na aliyeikata ni binti yako. Yeye ndiye wa kuwapigia. Bahati yetu, ndege ni ya kwao wenyewe mpaka mwisho, haichanganyi na shirika jingine. Na tarehe ya kuzaliwa ameiandika sawasawa, inafanana na paspoti. Hiyo itakutetea. Utaapa kwa wakili kwamba majina yote haya ni yako, tutatuma na nakala ya paspoti, viza na cheti cha ndoa. Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa, siwezi kukudanganya. Wakikataa, tutaifuta hii kabla ya siku, turudishiwe kitakachorudi, tununue nyingine kwa jina la paspoti kama viti vitakuwepo. Ila asifute chochote sasa, mpaka wajibu. Mpigie simu mwanao, mama. Mweleze."

"Nimweleze nini?"

"Kwamba unaitwa Hilda."

Mama Shakila aliitazama simu yake pale mezani, hakuinyanyua. Kunegunda akadhani salio limekwisha, akamsogezea simu ya kwake.

Mama Shakila hakupiga pale. Alitembea hadi nyumbani, akatoa bahasha, akaiweka kitandani, akakaa kando yake. Hakuwa mwoga. Aliwahi kumfukuza fisi kwa mchi wa kinu. Lakini alimwogopa mwanawe. Alimlea yule mtoto kwa kumhimiza kusema kweli, alimchapa kwa uongo wa kipande cha sukari, na leo atamwambia kwamba jina analomjulia mama yake ni la pili? Tena mtoto mwenyewe yuko kitandani, ana mimba ya mashaka, hatakiwi kushtushwa. Alitamani sana kumpa Salum kazi hiyo. Kisha akakumbuka Salum na adabu zake, akaona hapana, watazunguka mpaka mtoto aote meno. Mficha uchi hazai. Akapiga.

"Shikamoo mama. Umepata ndege ya Dar?"

"Marahaba. Shakila, kaa vizuri. Uko umekaa?"

"Nimelala mama. Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," alisema mama, na maneno hayo yakamshangaza yeye mwenyewe, akayarudia. "Hakuna aliyekufa. Kuna mtu anaitwa Hilda. Ndiye mimi."

Akasimulia. Alisimulia vibaya, akianzia katikati, akirudi kwenye kwaya, akirukia ndoa, akimtaja Mzee Athanasi na kauli yake ile. Mara mbili aliita "Shakila?" akidhani simu imekatika.

"Nipo," alisema Shakila mwishowe. Sauti ilikuwa kavu. "Salum alilijua jina hilo?"

"Aliliona kwenye paspoti. Usimgombeze, ni heshima."

"Na baba alilijua."

"Baba yako ndiye aliyenijua nikiwa nalo."

"Kwa hiyo mimi peke yangu." Akashusha pumzi. "Nitawapigia shirika, mama. Nitumie hizo karatasi." Simu ikakatwa, na mama akabaki ameishika sikioni.

Asubuhi iliyofuata alikuwa kwa wakili, kwenye ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wakili alikuwa bado mahakamani, lakini karani wake, Remmy, alichukua paspoti na cheti cha ndoa akaanza kugonga mashine. Aligonga kwa ustadi, bila kuuliza, kwa sababu viapo vya namna hiyo anavigonga kila siku na vyote vinaanza namna moja: jina, dini, mtu mzima, mkazi wa wapi. Akachapa, akamkabidhi asome.

Mama Shakila alisoma kwa kidole. *Mimi, Hilda Athanasi Komba, Mkristo, mtu mzima, mkazi wa Bombambili, Songea, naapa na kuthibitisha kama ifuatavyo.* Kidole kikasimama.

"Hapa si sawa, mwanangu."

"Wapi mama? Jina nimelitoa kwenye paspoti."

"Jina ni sawa. Dini. Andika Mwislamu."

Remmy akamtazama ushungi, akautazama mstari, akatabasamu kwa adabu. "Samahani mama. Hilda, nikaona moja kwa moja ni Mkristo. Sasa ikisomeka Hilda, Mwislamu, si itawachanganya? Tungeanza na Zuhra, Hilda likaja chini."

Lilikuwa shauri zuri, la kijana asiye na nia mbaya. Na Mama Shakila alikaribia kulikubali. Maisha yake yote Hilda alikuwa chini. Lakini ghafla alipandwa na hasira, hasira ya siku nyingi iliyokosa wa kumshukia, maana aliyeistahili alikuwa amelala makaburini Mpitimbi na msalaba wake, na alimpenda mpaka leo.

"Hilda ni mimi," alisema, na sauti yake ya pili ya kwaya ikajaa chumba. "Nilizaliwa naye. Na Mwislamu ni mimi, sikulazimishwa na mtu. Nani kasema haviwezi kukaa mstari mmoja? Viandike. Paspoti inamtaja Hilda kwanza, na wewe mtaje kwanza."

Remmy akaandika. Wakili alipofika, alimwapisha kwa taratibu ya Waislamu, mkono juu ya msahafu, kwamba yeye Hilda Athanasi Komba, Mwislamu, ndiye pia Zuhra Abdulhamid, ndiye Zuhra binti Abdallah, na kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Mhuri ukagongwa. Alipokuwa akishuka ngazi alisimama katikati, akaifungua tena karatasi. Kitu ambacho baba yake alisema hakipo, kilikuwa mkononi mwake, na wino wake ulikuwa bado haujakauka.

Kunegunda alipiga picha karatasi zote, akazituma kwa Shakila, na Shakila akazituma kwa shirika. Mtu wa kwanza aliyepokea simu alikataa palepale: jina halibadilishwi, nunua nyingine. Shakila, ambaye alirithi ubishi wa mama yake pamoja na nyusi zake, aliomba aunganishwe na mkubwa wa mtu huyo. Huyo alisema watatazama kiapo, wajibu kwa barua pepe. Baada ya hapo kukawa hakuna la kufanya.

Mama Shakila alirudi sokoni. Alipepeta korosho zilizokwisha kupepetwa. Shakila hakupiga simu, alituma ujumbe mfupi tu, *bado hawajajibu*, bila shikamoo, na ujumbe huo uliuma kuliko kukosa ndege. Alijiuliza kama ni bora mtu asafiri akamkute mwanawe amenuna, au abaki akumbukwe kama Zuhra mwema. Kisha akaona huo ni ujinga. Mtoto anakwenda kupasuliwa. Hata akinuna, atanunia kitandani na mama yuko pembeni, ananuniwa vizuri.

Siku ya tatu Kunegunda alimfuata mwenyewe sokoni, akipita katikati ya mafungu ya dagaa huku amepandisha sketi, simu mkononi. Shirika limekubali. Kwa sababu tarehe ya kuzaliwa inalingana na kiapo kimetaja majina yote, watatoa tiketi upya, ndege ileile, siku ileile, kwa tozo ambayo Salum alishailipa, pengine kwa kutubu. Kunegunda hakumruhusu ashangilie. Alimkalisha juu ya gunia, akaitoa paspoti aliyokuwa ameachiwa, wakalinganisha tiketi mpya neno kwa neno: Komba na Komba. Hilda na Hilda. Athanasi na Athanasi. Tarehe. Namba.

"Sasa ndiyo," alisema. "Na ya Dar nimeiandika vilevile. Usije ukatumia Mama Korosho, nakuomba."

Wakiwa bado wanacheka simu ya mama ikalia. Alikuwa Shakila. Mama aliinuka, akageukia ukutani, ili watu wasimwone uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeiona tiketi. Ahsante."

"Nilikukasirikia mama."

"Najua."

"Sikukukasirikia kwa jina. Ni vile nilivyowaza, ulilibeba peke yako miaka yote hiyo, na mimi niko ndani ya nyumba hiyohiyo." Alijikohoza, akajitia ukali kama anavyofanya akitaka kulia. "Sikiliza, leo nilikuwa hospitali. Wanataka jina la mtu atakayekaa nami chumbani nikitoka kupasuliwa. Lazima lifanane na paspoti, mlinzi analikagua mlangoni, likiwa jingine huruhusiwi kuingia. Kwa hiyo nimewaandikia, Hilda Athanasi Komba. Wakaniuliza, ni nani wako huyo? Nikawaambia ni mama yangu. Nimefanya sawa?"

Mama Shakila alivuta ncha ya ushungi, akajifuta uso. Alikuwa amebatizwa Hilda, amepakwa mafuta Hilda, amelia Hilda siku alipoondoka kwao. Lakini tangu mtoto huyu azaliwe, hakuna mahali popote duniani ambapo Hilda alikuwa ameandikwa kuwa mama wa mtu.

"Mama? Nimefanya sawa?"

"Umefanya sawa," alisema. "Waambie anakuja."